"Mtoto Ana Homa": Uliza Umri Kwanza

Pengine hakuna swali la afya linaloulizwa kwa maneno machache kama hili: "Mtoto ana homa, nimpe dawa gani?" Basi. Umri wa mtoto hautajwi, siku alizougua hazitajwi, wala hatuambiwi anachoweza kufanya na kinachomshinda. Anayeulizwa, awe muuguzi, mwenye duka la dawa ama jirani tu, hubaki akikisia. Na mtu anayekisia aghalabu hutaja dawa aliyompa mtoto wake mwenyewe mwaka uliopita.

Jamaa za mijini zenye asili ya Migori na Homa Bay hulijua swali hili kwa sura nyingine. Simu hulia jioni. Ni nyanya anayepiga kutoka Ndhiwa, Rongo ama Mbita, na habari ni kwamba mjukuu aliyeachiwa ni mgonjwa. "Dende liet," husema, yaani mwili wake ni moto. Hali chakula. Tumeni pesa. Aliye Nairobi ana dakika chache za kuamua kama pesa hizo ni za bodaboda usiku huu huu, za kwenda zahanati kesho asubuhi, ama ni za uji na panadoli tu. Katika sehemu hizo za Ziwa Victoria malaria huwapo mwaka mzima, na mtoto anaweza kuwa akicheza Jumatatu na kuwa mahututi Jumatano. Kwa hivyo si jambo la kukisia.

Maswali yanayofaa kuulizwa hapo si mengi. Ni matatu: mtoto ana umri gani, ameugua kwa muda gani, na ugonjwa umemlemea kiasi gani. Ugumu uko katika kuyauliza kwa namna itakayoleta jibu la kweli, na kuyauliza kwa mpango huo.

Kabla ya kuyaingia, tuseme kidogo juu ya neno lenyewe. Sisi Wakenya tunaposema "nina homa", mara nyingi tunamaanisha mafua: pua inatoka makamasi, koo inawasha, mtu anapiga chafya. Muuguzi akisikia "homa" huelewa joto la mwili. Nyanya naye huenda anamaanisha malaria moja kwa moja, kwa kuwa kwao ndiyo homa wanayoijua zaidi. Watu watatu, neno moja, magonjwa matatu. Kwa hivyo ukisikia "ana homa", rudisha swali papo hapo: "Ukimgusa tumboni ama mgongoni, ni moto kuliko wewe?" Mkono na kipaji cha uso hudanganya, hasa kama mtoto alikuwa juani ama amefunikwa blanketi zito. Kama nyumbani kuna kipimajoto cha kuweka kwapani, nyuzi 37.5 kwenda juu ni homa.

Sasa umri. Watu wengi huona umri kama jambo la kujazia fomu, lakini kwa mtoto umri hugeuza maana ya majibu mengine yote. Mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili akiwa na joto, mazungumzo yamekwisha. Hakuna haja ya kuuliza ni siku ngapi, wala kungoja kuona kama panadoli itamsaidia, wala kumpima malaria nyumbani. Mtoto mchanga hana njia nyingi za kuonyesha kwamba anaumwa vibaya. Wadudu wanaweza kuwa wameingia kwenye damu yake, kwenye mapafu ama kwenye utando wa ubongo, na dalili ikawa ni joto tu pamoja na kunyonya kwa uvivu. Hata mwili ukiwa baridi kuliko kawaida ni dalili mbaya kwa mtoto wa umri huo. Huyo ni wa hospitali, usiku ama mchana.

Kuanzia miezi miwili hadi miaka mitano ndiko kwenye kazi ya kuuliza na kupima. Huo ndio umri ambao malaria, kichomi na kuhara huua zaidi, na ndio umri ambao wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wamefunzwa kuuangalia kwa makini.

Usiulize tu, "Ana miaka mingapi?" Utajibiwa "bado mdogo" ama "anakaribia mwaka", na mtoto anayekaribia mwaka anaweza kuwa wa miezi minane. Uliza alizaliwa mwezi gani. Kama nyanya hakumbuki, mwombe alete kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kilichoandikwa tarehe ya kuzaliwa, uzani na chanjo alizopata. Kinapotafutwa ndipo pia utakapojua kama kipo nyumbani ama mama yake alirudi nacho mjini, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko inavyostahili.

Swali la pili ni muda, na hapa lugha yetu hututega. "Tangu lini?" unauliza. "Tangu juzi," unajibiwa. Lakini juzi inaweza kuwa siku mbili zilizopita, na inaweza kuwa wiki mbili. Njia nzuri ni kuufunga muda kwenye jambo ambalo kila mtu nyumbani analikumbuka. "Jumapili mlipoenda kanisani, alikuwa mzima? Siku ya soko je, alicheza na wenzake?" Ukirudi nyuma hivyo siku moja moja utafika siku ya mwisho aliyokuwa mzima, na kutoka hapo unahesabu.

Kuna sababu mbili za kuhesabu. Ya kwanza ni kwamba mtoto mwenye joto katika sehemu za malaria anatakiwa apimwe, na akipatikana na malaria aanze dawa, ndani ya saa 24 tangu joto lianze. Kwa hivyo jibu la "siku moja tu" lisikufariji. Lina maana kwamba bado uko ndani ya muda. Jibu la "siku tatu" lina maana kwamba muda huo umepita na mtoto anatakiwa kuonekana leo. Ya pili ni kwamba joto linalokuja kila siku kwa wiki nzima ama zaidi halitibiwi tena kama malaria ya kawaida. Huenda ni homa ya matumbo, kifua kikuu ama maradhi mengine, na kazi hiyo ni ya hospitali yenye maabara. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili na kuhara kulikofikisha wiki mbili nako ni vivyo hivyo, hakutibiwi dukani.

Lakini jihadhari na jambo moja. Joto la malaria huja na kwenda. Mtoto huwaka jioni, akatetemeka, akatoa jasho, na asubuhi akaamka akitaka chai. Nyanya atakuambia, kwa uaminifu kabisa, kwamba homa ilianza jana usiku, kwa sababu jana mchana hakuwa na kitu. Kumbe ni usiku wa tatu. Basi usiulize tu kama ana joto sasa. Uliza kama alikuwa nalo jana jioni, na jioni iliyotangulia. Panadoli nayo hufanya mchezo huohuo: hushusha joto kwa saa chache bila kuugusa ugonjwa.

Hapo tunafika kwenye swali la tatu, lililo gumu zaidi. Watu huuliza, "Ana hali mbaya?" Swali hili huleta maoni, na maoni hutegemea moyo wa anayejibu. Mama mdogo mwenye mtoto wa kwanza atasema mbaya sana. Nyanya aliyelea watoto wanane, akawazika wawili, huenda akasema, "Si mbaya, ni homa ya kawaida," ili asikutie wasiwasi uliye mbali. Hata ukali wa joto wenyewe si kipimo kizuri. Mtoto anaweza kuwa na nyuzi 39.5 kwa maradhi yatakayopita yenyewe, na mwingine akawa na nyuzi 38 huku malaria imeshafika kichwani.

Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na lile la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto yalitayarisha mwongozo wa kuangalia watoto wagonjwa mahali ambapo hakuna maabara wala daktari bingwa. Mojawapo ya sehemu ulikojaribiwa ni hospitali ya wilaya ya Siaya, ng'ambo tu ya Ghuba ya Winam ukitoka Homa Bay, kwa kuwa huko malaria ilikuwa nyingi na watoto walifika na magonjwa mawili ama matatu kwa pamoja. Mwongozo huo haumwulizi mama kama mtoto ana hali mbaya. Humwuliza mambo manne ambayo mtu yeyote anaweza kuyaona kwa macho. Je, mtoto anaweza kunywa ama kunyonya? Je, anatapika kila kitu? Je, amepata degedege katika ugonjwa huu? Je, amelegea sana ama haamki? Moja tu likiwapo, haijalishi joto ni nyuzi ngapi wala ni siku ngapi, mtoto ni wa kupelekwa hospitali mara moja.

Sikiliza vizuri jinsi mambo hayo yalivyosemwa. "Hawezi kunywa" si sawa na "hataki kula". Karibu kila mtoto mwenye joto hukataa ugali. Anayekataa ugali lakini anavuta maji kikombeni yuko upande mmoja, na yule ambaye maji yanamtoka pembeni mwa mdomo ama hawezi kushika titi yuko upande mwingine kabisa. Hili unaweza kulijua ukiwa kwenye simu: "Mama, mpe maji kidogo kwa kijiko sasa hivi, niambie anameza." Vilevile kutapika mara moja baada ya dawa chungu si kutapika kila kitu. Kutapika kila kitu ni pale ambapo hakuna kinachobaki tumboni, hata maji, hata dawa. Mtoto wa namna hiyo hawezi kutibiwa kwa vidonge kwa kuwa vidonge havitakaa.

Na degedege usiitaje kwa jina. Huko pwani wapo wanaoamini kwamba degedege huletwa na pepo, na kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kwingineko pia huwa ni jambo la kunong'onezwa. Ukiuliza, "Amepata degedege?" unaweza kuambiwa la, kumbe mtoto tayari amepitishwa kwa mganga. Uliza ulichotaka kujua: "Je, alikakamaa, macho yakageuka, mikono na miguu ikawa inarukaruka?" Swali hilo halina aibu ndani yake.

Tuchukue mfano ambao nimeutunga ili tuone maswali yanavyofanya kazi. Mama anafanya kazi Nairobi. Mwanawe yuko kwa bibi mzaa baba, nje kidogo ya mji wa Ndhiwa. Jumatano saa moja jioni bibi anapiga simu: mtoto mwili moto, anakohoa, hali. Huyu ni mama mkwe wake, na mila haimruhusu mke wa mwana kumhoji mama mkwe kama karani wa mahakama. Kwa hivyo anamtanguliza daktari: "Mama, nikienda kumuuliza daktari hapa ataniuliza maswali. Naomba unisaidie nijue nitakalomjibu." Bibi hakasiriki.

Umri wanaujua: mtoto ni wa miezi kumi na minne. Muda: Jumapili kanisani alikuwa akikohoa lakini anacheza. Jumatatu usiku aliwaka, Jumanne mchana akapoa, Jumanne usiku akawaka tena, na leo amewaka tangu alasiri. Kwa hivyo kikohozi kina siku nne na joto lina siku tatu. Hali yake: bibi anampa maziwa kwa kijiko huku simu ikiwa sikioni kwa shangazi ya mtoto, na mtoto anameza. Alitapika mara moja asubuhi, lakini uji wa saa nane umekaa. Hajakakamaa. Amechoka lakini akiitwa hugeuka, na akichukuliwa kwa nguvu hulia. Kati ya zile dalili nne za hatari, hakuna hata moja. Wengi wangeishia hapo na kusema ni malaria, tuma pesa ya dawa.

Lakini mtoto anakohoa, na mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi. Hili halihitaji chombo ila saa. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Shati linainuliwa ili kifua na tumbo vionekane, na mtu mmoja anahesabu kila tumbo linapoinuka kwa dakika nzima, huku mwingine akiangalia saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa sababu watoto hupumua kwa kusitasita na kosa dogo huwa kubwa. Shangazi anahesabu na kupata 46.

Je, 46 ni nyingi? Hapo ndipo umri unaporudi mezani. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili, mpaka ni pumzi 60 kwa dakika. Kwa wa miezi miwili hadi chini ya mwaka mmoja, mpaka ni 50. Kwa wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, mpaka ni 40. Mtoto huyu angekuwa wa miezi kumi, 46 ingekuwa pumzi ya kawaida. Kwa kuwa ni wa miezi kumi na minne, anapumua haraka kupita kiasi, na mtoto mwenye kikohozi anayepumua hivyo hutibiwa kama mwenye kichomi. Kama bibi angesema "anakaribia mwaka" na mama akalikubali jibu hilo, kichomi kingepita bila kuonekana. Shangazi anaombwa aangalie pia kama sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi. Haibonyei. Ingekuwa inabonyea, wangesafiri usiku huo.

Mhamasishaji wa afya wa kijiji anaitwa, naye anafika na kipimo cha haraka, kile cha kutoboa kidole na kungoja kama robo saa. Kinaonyesha malaria. Sasa hapa ndipo makosa mengi hutokea kando ya Ziwa, hata kwa watu wenye elimu. Kipimo kikishaonyesha malaria, kila mtu hupumua, jina la ugonjwa limepatikana, na zile pumzi 46 husahauliwa. Lakini katika sehemu ambayo mbu humuuma mtoto kila wiki, mtoto anaweza kuwa na malaria na kichomi kwa wakati mmoja. Dawa ya malaria haiponyi kichomi. Kipimo kimejibu swali moja tu.

Basi mtoto anaanza dawa ya malaria usiku huo kulingana na uzani wake. Dozi ya pili ni baada ya saa nane, halafu asubuhi na jioni hadi zitimie dozi sita katika siku tatu, kila moja ikifuatana na maziwa ama chakula chenye mafuta ili dawa iingie vizuri mwilini. Asubuhi na mapema anapelekwa zahanati kwa ajili ya kifua, pumzi zinahesabiwa upya, na anapewa dawa ya kuua bakteria ya siku tano. Pesa za Nairobi zilizotumwa ni za nauli hiyo ya asubuhi. Tena bibi ameelezwa mambo yatakayomfanya asingoje asubuhi: akikataa kunywa, akianza kutapika kila kitu, akikakamaa, asipoamka, ama kifua kikianza kubonyea, ni bodaboda moja kwa moja hadi hospitali. Siku mbili baadaye aangaliwe tena, hata kama anaonekana amepata nafuu.

Zingatia kwamba katika mazungumzo hayo yote hakuna aliyeutambua ugonjwa kwa simu. Walichoamua ni haraka kiasi gani, na mtoto apelekwe wapi. Hiyo ndiyo kazi ya maswali matatu, wala yasibebeshwe nyingine. Pia kuna mambo ambayo hayawezi kuyanasa. Kubwa kwao ni upungufu wa damu. Mtoto aliyeugua malaria mara kwa mara huishiwa na damu polepole, akaizoea hali hiyo, na akaendelea kunywa na kukaa hata damu ilipopungua sana. Kwa hivyo mwombe bibi afungue kiganja cha mtoto akiweke karibu na kiganja chake mwenyewe, mchana penye mwanga. Kiganja kikiwa cheupe kama karatasi, mtoto anahitaji hospitali inayoweza kuongeza damu, na si kila kituo kinaweza. Ni vizuri jamaa ya mjini iulize mapema, siku mtoto akiwa mzima, ni hospitali gani ya karibu yenye damu, na usafiri wa usiku hupatikana kwa nani. Kwa walio Mfangano na visiwa vingine, swali hilo linahusu boti, na boti haipatikani kwa kupiga kelele saa nane usiku.

Chanjo nayo huchanganya watu. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini katika kaunti ya Homa Bay mnamo Septemba 2019, na watoto wengi wa Migori na Homa Bay wameipata. Hupunguza malaria, hasa ile kali, lakini haiifuti. Mtoto aliyechanjwa akiwa na joto hupimwa kama mwingine yeyote, na hivyohivyo aliyelala ndani ya neti. "Hawezi kuwa na malaria, amechanjwa" ni jibu lisilofaa kupokewa na mtu.

Kwa wakubwa, maswali ni yaleyale ila uzito wake hubadilika. Mwanafunzi anayeandika kwamba "kichwa kinaniuma na mwili umechoka" hajasema kitu mpaka aseme ni tangu lini na kimemzuia kufanya nini. Kichwa kilichoanza leo mchana baada ya kukesha na vitabu si kichwa chenye wiki tatu. Kichwa kinachoambatana na joto na shingo isiyoweza kuinama hadi kidevu kiguse kifua hakingoji mtihani uishe. Kwa mtu mzima muda ndio hutangulia: kikohozi cha wiki mbili kinahitaji kupimwa kifua kikuu. Umri nao hauulizwi peke yake kwa mwanamke, kwa kuwa ni lazima ajulikane kama ni mjamzito. Malaria ya mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni, na hata dawa huchaguliwa kwa kuangalia hilo.

Limebaki swali moja la nne, na hili ni la wasomaji wa Nairobi hasa. Shule zikifungwa, watoto waliozaliwa na kulelewa Umoja ama Lang'ata hupelekwa kuwaona wazee Awendo, Oyugis ama Mbita. Hawana kinga waliyonayo binamu zao walioumwa na mbu tangu utotoni, kwa hivyo malaria ileile inayomlaza binamu siku mbili inaweza kumlaza mtoto wa Nairobi katika chumba cha mahututi. Tena haimshiki hukohuko. Kwa kawaida huchukua siku saba hadi kumi na nne tangu mtu aumwe na mbu hadi joto lianze, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Wakati huo mtoto amesharudi, shule zimefunguliwa, na safari imesahauliwa. Anapata joto siku ya kumi tangu arudi, anapelekwa kwenye kliniki ya mtaani, na kwa kuwa malaria ni nadra kupatikana ndani ya Nairobi, anaangaliwa koo, anapewa dawa ya mafua na kurudishwa nyumbani.

Daktari hawezi kujua mtoto alilala wapi mwezi uliopita mpaka aambiwe. Mzazi akiingia chumbani na kusema, "Ana miaka sita, ana joto kila jioni tangu Jumamosi, anakunywa lakini ametapika mara mbili, na tulikuwa Homa Bay hadi wiki mbili zilizopita," damu itachukuliwa kabla hajamaliza kuketi. Sentensi hiyo isemwe hata kama hakuulizwa, na hata kama miezi mitatu haijatimia tangu safari.